Dogo kagongwa kichwa, kasimama, anasema yuko freshi. Kocha unafanyaje?

Makocha wengi wa timu za mtaani huku Kigoma, kuanzia Ujiji mpaka Gungu mpaka huko Kasulu, wana imani moja ambayo siyo kweli, kwamba mchezaji akipata mtikisiko wa ubongo lazima azimie. Hapana. Kwenye watu kumi wanaoupata, wanaozimia hawafiki hata mmoja. Hao wengine wote wanainuka, wanajipangusa vumbi, wanamwagiwa maji kichwani, wanasema niko freshi na mechi inaendelea. Hao ndo nataka tuwaongelee, maana aliyezimia kila mtu anamuona, hata mama anayeuza karanga pembeni ya uwanja anajua huyu harudi tena leo.

Kwenye mpira wa miguu mara nyingi inatokea hivi: kona imepigwa, mabeki na washambuliaji wanaruka, vichwa viwili vinakutana au kiwiko kinampata mtu kwenye shavu. Sio lazima hata kichwa chenyewe kiguswe. Mtu akipigwa kikumbo kikali cha mgongoni shingo ikarushwa, ubongo unatikisika humohumo ndani, kama abiria aliyesimama kwenye daladala dereva anapokanyaga breki ghafla, gari limesimama lakini yeye bado anakwenda. Kibaya zaidi ni kichwa kinapozunguka ghafla, maana hapo nyuzi za neva zinavutwa. Zikivutwa, chumvichumvi zinazotakiwa kukaa ndani ya seli zinatoka na za nje zinaingia, seli inaanza kutumia nguvu nyingi sana kuzirudisha mahali pake, na wakati huohuo damu inayoleta hiyo nguvu imepungua. Hali hiyo haiishi ndani ya dakika tano za kukaa kivulini, inachukua siku, wengine wiki. Na kwa sababu hakuna kilichovunjika wala kuvuja, CT skani haioni kitu. CT inatafuta damu na mfupa uliopasuka, kwa hiyo mtu akirudi hospitali na picha safi maana yake ubongo hauvuji damu, haimaanishi kwamba Jumamosi anacheza.

Sasa kwa nini nasema usimwamini mwenyewe akikwambia yuko freshi? Kumbuka fainali ya Kombe la Dunia 2014 pale Maracanã, Ujerumani na Argentina. Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa na bega la Garay usoni mapema tu, kama dakika ya 17. Akatibiwa, akarudi, akacheza karibu robo saa nzima. Katikati ya hapo akamfuata refa Rizzoli kumuuliza kama hii kweli ni fainali. Refa ndo akastuka akawaambia wenzake, dakika ya 31 akatolewa akaingia Schürrle. Mchezaji wa kulipwa, mbele ya dunia nzima, madaktari wamekaa benchi, na bado alipita. Alikuwa anakimbia, anapiga pasi, ukimtazama kwa mbali ni mzima. Kiungo kinachotakiwa kumwambia kwamba ameumia ndicho hichohicho kilichoumia, kwa hiyo dogo wa miaka 17 anayeitaka fainali ya mbuzi hawezi kuwa shahidi wa kichwa chake mwenyewe.

Kwa hiyo kocha unatazama wewe. Anza na vile alivyoanguka na alivyoinuka. Je, alilala bila kujikinga kwa mikono? Alikaa pale chini muda kidogo macho yapo tu hayatazami kitu? Aliposimama aliyumba, akaegemea mwenzake, akashika kichwa? Baada ya hapo mwangalie dakika chache zinazofuata: anakwenda upande usio wake, anasahau nani wa kumkaba, anachelewa kujibu akiitwa, anakasirika bila sababu au analia wakati siyo kawaida yake. Mmoja tu kati ya hivi unatosha kumtoa. Halafu kuna yale anayoyasikia mwenyewe, ambayo hutayaona mpaka umuulize: kichwa kinauma au kinabana, kizunguzungu, kichefuchefu, macho yana ukungu, mwanga na kelele zinamkera, au anasema tu "kocha najisikia sipo sawa". Hilo la mwisho lichukulie kwa uzito kabisa.

Kuna maswali matano mafupi yanayotumika dunia nzima kwenye michezo, yanaitwa maswali ya Maddocks, na yanafaa sana kwa viwanja vyetu maana hayahitaji kifaa chochote. Leo tupo uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kafunga goli la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Mtu anafikiri ukimuuliza jina lake na siku ya leo inatosha, lakini hayo anaweza kujibu vizuri kabisa huku kichwa kimevurugika, kinachopotea kwanza ni haya mambo mapya ya saa hii na ya wiki iliyopita. Akikosea hata moja, anatoka. Ila akijibu yote matano usiseme basi, mzima. Kama ulishaona dalili pale chini, majibu mazuri hayaifuti.

Ukimtoa, ametoka kwa siku hiyo. Sio dakika kumi, sio kipindi cha pili, hata kama baada ya nusu saa anarukaruka pembeni anasema kocha niingize. Dalili nyingine zinakuja baada ya masaa, nyingine kesho yake.

Kabla hujafika huko kwenye mapumziko na mazoezi, kuna mambo ambayo ukiyaona hutafuti maji wala kivuli, unatafuta gari la kwenda Maweni au hospitali yoyote iliyo karibu. Shingo inauma, mkono na mguu vina ganzi au havina nguvu, anaona vitu viwiliviwili, amepata degedege, alizimia, anatapika, maumivu ya kichwa yanazidi badala ya kupungua, anazidi kusinzia au kuchanganyikiwa au anakuwa mkali anapigana na watu. Kama amelala hajitambui au analalamika shingo, chukulia shingo imeumia. Msimnyanyue wanne, huyu mguu huyu mkono, kama tulivyozoea. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa, akishike kwa mikono miwili kisigeuke, wengine watafute usafiri na ubao au kitu kigumu cha kumlaza. Kama hapumui vizuri, njia ya hewa inakuja kwanza kuliko kitu kingine chochote. Na tafadhali, mtu wa namna hii hapandishwi mshikaki kwenye boda katikati ya watu wawili. Najua boda ndo usafiri uliopo pale uwanjani, lakini kichwa kinaning'inia na barabara ya kutoka huko viwanjani mnaijua.

Hapa kuna kitu cha hatari ambacho watu hawakijui. Mtu anaweza kugongwa, akachanganyikiwa kidogo, akarudi kuwa vizuri kabisa, akacheka, akala, halafu baada ya masaa kadhaa kichwa kinaanza kuuma vibaya, anatapika, anasinzia haamki vizuri. Huyo sio mtikisiko tu, kuna mshipa unavuja damu kati ya fuvu na ubongo, na hapo ni mbio za upasuaji. Ndo maana aliyegongwa kichwa haachwi peke yake, hasa masaa matatu ya mwanzo, na usiku ule alale chumba kimoja na mtu mzima. Kulala anaruhusiwa. Hii habari ya kumkesha mtoto asilale wala asipepese haimsaidii, usingizi ni sehemu ya kupona, muhimu kuwe na mtu anayejua alivyokuwa jioni ili akiona mabadiliko ajue. Maumivu apewe panadoli. Aspirini, brufeni na diklofenaki, ambazo kila duka la dawa la mtaani wanakupa ukisema umeumia mpirani, ziachwe kwa masaa 48 ya mwanzo kwa sababu zinaweza kuongeza damu kuvuja kama kuna mshipa uliopasuka. Pombe hapana. Kuendesha boda hapana. Na kwa vijana wa Kibirizi wanaoingia ziwani usiku kuvua dagaa, hapana pia: usingizi hakuna, mwanga wa taa unamchoma macho, mizani ya mwili imevurugika na yupo juu ya mtumbwi. Mzee wa chombo aambiwe, atafute mtu mwingine siku hizo.

Sasa tuje kwenye kurudi uwanjani, ambapo ndo tunaharibu zaidi. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo kwenye michezo walikutana Amsterdam mwaka 2022, na mwaka uliofuata wakatoa mwongozo wenye hatua sita. Waingereza nao mwaka 2023 wakatoa wa kwao kwa ajili ya michezo ya mtaani isiyo na daktari, wakaweka na siku. Huu wa pili unatufaa sana, kwa sababu timu ya ligi kuu inayocheza pale uwanja wa Lake Tanganyika ina daktari wake, timu ya mtaa ina kocha, begi la jezi na chupa ya maji. Msingi wake ni huu: hakuna mechi kabla ya siku ya 21, na hakuna mazoezi yenye kugongana mpaka mtu amalize siku 14 mfululizo bila dalili yoyote akiwa ametulia. Siku ya kuumia inahesabiwa sifuri.

Tuchukue mfano tuufuate siku kwa siku. Beki wa kati, miaka 17, mwanafunzi wa fomu tatu, kagongana vichwa kwenye kona siku ya Jumamosi. Hakuzimia. Aliyumba, alipoulizwa nani kafunga goli la mwisho akataja la kipindi cha kwanza. Katolewa, hana dalili ya kwenda hospitali haraka, kaenda nyumbani na kaka yake.

Jumapili na Jumatatu anapumzika, lakini sio kufungiwa chumba cha giza. Zamani ndo walisema hivyo, siku hizi imejulikana kwamba kulala tu siku nyingi kunachelewesha kupona. Atembee nyumbani, aoge, akae na watu, simu na tivii apunguze sana kwa hizo siku mbili. Jumanne kichwa bado kinauma kidogo, ukimuuliza kati ya sifuri na kumi anasema mbili. Anatembea dakika 10 mpaka 15 kisha unamuuliza tena. Sheria ya hapa ni rahisi na inasaidia sana: maumivu yakipanda kwa alama moja au mbili na yakashuka ndani ya saa moja, hamna neno, anaendelea kesho. Yakipanda zaidi ya alama mbili, tuseme kutoka mbili yakafika tano, anaacha hapohapo na kesho anajaribu tena kwa kiasi kilichopungua.

Jumatano, siku ya nne, ndo mara ya mwisho kichwa kumuuma. Shule anarudi hatua kwa hatua, nusu siku kwanza, mwalimu wa darasa ajue, mitihani isubiri. Hii ya shule naomba wazazi mniskilize: kusoma kunatumia ubongo uleule, kwa hiyo mtoto ambaye hawezi kumaliza vipindi bila kichwa kuuma hawezi kuwa tayari kwa mechi, na shule inarudi yote kamili kwanza ndo mechi zinafuata.

Kuanzia Alhamisi anaanza jogging nyepesi. Nyepesi ni kiasi gani? Toa umri wake kwenye 220, unapata 203, hayo ndo mapigo ya juu kabisa ya moyo wake kwa makadirio. Unataka mwanzoni yasizidi kama asilimia 55, ambayo ni kama 112 kwa dakika. Huna saa ya kisasa, sawa, mwambie aweke vidole viwili shingoni ahesabu sekunde 15 baada ya kukimbia, zikifika 28 hapo ndo mwisho wake. Akikaa vizuri anapanda taratibu mpaka asilimia 70, yaani kama mapigo 35 kwa hizo sekunde 15. Akiwa anakimbia na bado anaweza kuongea na wewe, uko njia sahihi.

Kuanzia siku ya nane, ambayo kwenye mfano wetu ni Jumapili, anaweza kugusa mpira lakini peke yake: kupiga danadana za miguu, kukimbia na kugeuka, kupiga pasi ukutani. Hamna kichwa, hamna mtu wa kumkaba. Baadaye kwenye wiki hiyo anaingia mazoezi na wenzake, pasi za mraba na mazoezi ya nafasi, bado bila kugongana na bila kupiga mipira ya kichwa. Kila hatua inachukua angalau masaa 24, na dalili zikirudi anashuka hatua moja. Kwenye hatua hizi hakuna tena kuvumilia maumivu kidogo, dalili zinatakiwa ziwe zimeisha kabisa, na kama kuna daktari au tabibu wa kituo cha afya unayeweza kumfikia, hapa ndo pa kumpeleka amuone kabla ya kumruhusu kugongana.

Hesabu sasa. Siku ya kwanza bila dalili ilikuwa Alhamisi, siku ya tano. Ukihesabu 14 unaishia siku ya 18, Jumatano. Kwa hiyo mazoezi ya kugongana na kuruka kichwa yanaanza Alhamisi siku ya 19, Ijumaa akiwa vizuri anaendelea, Jumamosi siku ya 21 anavaa jezi. Hiyo ndo njia ya haraka kabisa. Kichwa kingeendelea kuuma mpaka siku ya 10, hizo 14 zingeishia siku ya 24, mazoezi ya kugongana siku ya 25, na mechi baada ya hapo. Siku 21 ni mlango wa chini tu, na dalili zikipita siku 28 bado zipo, asiendelee kusubiri nyumbani, aonwe na daktari.

Najua kocha atasema wiki tatu ni nyingi, ligi yetu yenyewe ni ya mwezi mmoja. Ni kweli inauma. Lakini kumbuka ile hali ya seli zinazohangaika bila damu ya kutosha. Kichwa kingine kikija wakati huo, hata kidogo, dalili zinakuwa nzito na kupona kunakuwa kwa miezi. Na mara chache sana, karibu wote wakiwa watoto na vijana, ubongo unavimba kwa kasi ndani ya dakika chache na mtu anakufa au anabaki na ulemavu. Tena aliyerudi mapema anakuwa mzito sekunde moja kwenye kuamua, kwa hiyo hata goti na kifundo cha mguu anaviumiza kirahisi.

Kuna mtego mmoja ambao ni wa huku kwetu. Kigoma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi. Dogo kagongwa Jumamosi, Jumatatu kichwa kinauma, kichefuchefu, amechoka, hataki mwanga, nyumbani wanasema malaria hiyo, ananunuliwa dawa ya mseto, siku tatu, kichwa kinapungua kama ambavyo kingepungua chenyewe, Alhamisi yuko mazoezini anaruka kichwa. Hakuna mtu aliyedanganya hapo, ni kwamba hakuna aliyeiunganisha Jumamosi na Jumatatu. Mtikisiko wenyewe hauleti homa, kwa hiyo mwili ukiwa wa moto kapime, na hata usipokuwa wa moto kapime tu, lakini ukifika kwa mhudumu sentensi ya kwanza iwe "aligongwa kichwa mpirani juzi". Na vipimo vikionyesha kweli ana malaria, atibiwe malaria na zile siku 21 ziendelee kuhesabiwa vilevile.

Waandaaji wa ndondo nao wana la kufanya, na halina gharama. Tangu Julai 2024 sheria za mpira duniani zinaruhusu shindano lichague kuwa na sabu ya ziada kwa mchezaji anayeshukiwa mtikisiko wa ubongo: mmoja kwa kila timu kwenye mechi, hahesabiwi kwenye sabu za kawaida, aliyetoka harudi, na timu pinzani nayo inapewa nafasi ya sabu moja ya ziada ili mtu asitumie kama ujanja. Kwenye mashindano ambayo sabu ni tatu na kocha ameshazimaliza zote, hicho kifungu kimoja kwenye karatasi ya kanuni ndo kinachoamua kama beki anayeyumba atabaki uwanjani au atatoka. Kiandikwe kabla ya mechi ya ufunguzi, kisomwe kwenye kikao cha manahodha, na mwenye daftari la mechi aandike dakika aliyotoka na tarehe, ili timu nyingine ikimwazima wiki ijayo, maana huku vijana wanachezea timu mbili tatu, kocha wa huko awe na mahali pa kuangalia.